Kuomba ushikiwe zamu wodini: hesabu kwanza, utani baadaye

Maombi mengi ya kubadilishana zamu yanakataliwa kwa sababu mwombaji amemwachia mwenzake kazi yote ya kufikiri. Anasema "naomba unishikie Jumamosi", halafu anayeombwa ndiye anapaswa kufungua rosta, kuangalia kama atapata usingizi, kukisia atalipwa nini, na kufikiria inchaji anayesimamia wodi atasemaje. Akiona ni kazi kubwa, anasema ana mgeni. Mwongozo huu unageuza mpango huo: wewe unafanya hesabu yote, mwenzako anabaki na swali moja la ndiyo au hapana.

Mfano tunaoufuata ni wa wodi ya hospitali Dar es Salaam yenye zamu tatu: asubuhi kuanzia saa 1 hadi saa 8 mchana, jioni saa 8 mchana hadi saa 2 usiku, na usiku saa 2 hadi saa 1 asubuhi. Yaani urefu wa saa 7, saa 6 na saa 11. Wodi yako inaweza kuwa na saa tofauti kidogo, lakini njia ya kuhesabu ni ileile, na hata walinzi au wahudumu wa hoteli wanaweza kuitumia.

Tumwite mwombaji Neema. Mdogo wake anaoa Iringa Jumamosi tarehe 14, na rosta imempanga Neema zamu ya jioni siku hiyo. Jumapili tarehe 15 ana ofu, kwa hiyo kurudi si tatizo. Anachohitaji ni kuondolewa zamu moja tu.

Hatua ya 1: Pima unachohitaji hasa

Kama shughuli ingekuwa sendofu ya hapohapo mjini inayoanza saa 12 jioni, Neema asingehitaji mtu apoteze ofu yake. Angemtafuta aliyepangwa asubuhi siku hiyohiyo wakapishana: Neema aingie asubuhi na kutoka saa 8 mchana, mwenzake aingie jioni. Huo ndio ubadilishanaji mwepesi kuliko wote, kwa sababu kila mmoja anafanya kazi siku ambayo tayari alikuwa anafanya kazi, na tofauti ni saa moja tu. Jaribu huu kwanza kila mara. Watu wengi huomba siku nzima kumbe walihitaji jioni tu, na siku nzima ni ombi zito.

Harusi ya Iringa haiwezekani kwa njia hiyo. Neema anahitaji mtu mwenye ofu Jumamosi, na ofu ya wikendi ina thamani kuliko ya Jumanne. Kumbuka hilo utakapofika kwenye malipo.

Hatua ya 2: Soma mstari wa mwenzako kwenye rosta

Piga picha rosta nzima, ya wiki mbili au ya mwezi, usome mstari wa kila unayemfikiria kuanzia siku moja kabla ya zamu yako hadi siku moja baada yake. Unatafuta mambo matatu, na yote yamo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004: mtu asifanye kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, apate angalau saa 12 mfululizo za kupumzika kati ya kumaliza kazi na kuanza tena, na apate saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki. Saa za kawaida za wiki zisizidi 45. Zikizidi hapo ni ziada, na ziada inamhusu mwajiri, si ninyi wawili peke yenu.

Sasa waangalie watu watatu wa Neema.

Wa kwanza anaonekana hana kazi Jumamosi tarehe 14. Lakini siku tatu zilizotangulia alikuwa usiku, na usiku wa mwisho unaisha Jumamosi hiyohiyo saa 1 asubuhi. Hiyo si ofu, ni siku ya kulala. Akiingia saa 8 mchana atakuwa amepumzika saa 7 tu, tena za mchana, watoto wakipiga kelele na muuza samaki akipita. Huu ndio mtego unaonasa watu wengi wanaotazama kisanduku cha siku moja bila kutazama cha jana yake.

Wa pili amepangwa asubuhi Jumamosi. Akibaki hadi saa 2 usiku atakuwa amefanya saa 13. Atakwambia "nitaunganisha tu, nimezoea", na pengine kweli amezoea, lakini saa ya kumi na mbili ya kazi si saa ya kuhesabu matone ya dripu. Usimwombe.

Wa tatu ni Zawadi. Wiki hiyo ana asubuhi tano, Jumatatu hadi Ijumaa, ambazo ni saa 35. Jumamosi na Jumapili ana ofu. Akimshikia Neema saa 6 atafikisha 41. Ijumaa anatoka saa 8 mchana, Jumamosi anaingia saa 8 mchana, na Jumapili yake inabaki nzima. Huyu anafaa.

Kuna mpishano mmoja unaoonekana hauna madhara lakini unayo: jioni kisha asubuhi. Kwa saa za wodi hii, anayetoka saa 2 usiku na kurudi saa 1 asubuhi amepata saa 11, pungufu ya moja. Toa muda wa kusubiri daladala usiku na kuamka alfajiri, usingizi wenyewe unabaki saa 5 au 6. Kwa hiyo kama Zawadi angekuwa na asubuhi Jumapili, Neema angemruka pia.

Mwisho wa hatua hii tazama ujuzi. Kama zamu yako inahitaji angalau muuguzi mmoja aliyezoea wodi ya wazazi na huyo ulikuwa wewe, mbadala wako lazima awe naye amezoea, la sivyo inchaji atakataa, na atakuwa sahihi. Na ukiwa unataka kubadilisha zamu ya usiku, usimwombe mjamzito aliyekaribia kujifungua: sheria hiyohiyo inakataza kumpangia kazi ya usiku miezi miwili kabla ya tarehe anayotarajiwa kujifungua, na mapema zaidi akiwa na cheti cha daktari.

Hatua ya 3: Chagua malipo kwa saa na kwa siku

"Nitakulipa siku moja" si malipo. Ni deni lisilo na tarehe, na mwenye kulidai ataonekana msumbufu. Toa zamu moja unayoitaja kwa tarehe.

Kuipata zamu hiyo, rudi kwenye rosta utafute siku ambayo wewe una ofu na yeye ana zamu. Neema anaona hivi: wikendi inayofuata, Jumamosi 21 na Jumapili 22, yeye ana ofu zote mbili. Zawadi ana asubuhi Jumamosi 21, jioni Jumapili 22, na ofu Jumatatu 23. Neema akichukua jioni ya Jumapili 22, saa ni 6 kwa 6, na ni wikendi kwa wikendi. Lakini faida kubwa ya Zawadi iko pengine: Jumapili yake itaungana na Jumatatu. Atatoka kazini Jumamosi saa 8 mchana na hatarudi mpaka Jumanne. Ofu mbili zilizoungana zinamwezesha mtu kwenda kwao Kibaha, kufua, kulala na kurudi. Ofu mbili zilizotengana zinaishia kwenye kufua. Ukiweza kumuunganishia mwenzako ofu, umemlipa vizuri kuliko kumwongezea saa.

Neema ajihesabie na yeye. Wiki ya tarehe 16 ana asubuhi nne na jioni moja, saa 34. Akiongeza 6 anafikisha 40. Jumamosi 21 inabaki ofu, kwa hiyo saa 24 za wiki zipo. Jumatatu 23 anaingia jioni, na kutoka saa 2 usiku wa Jumapili hadi saa 8 mchana ni saa 18. Imekaa vizuri.

Je, angeweza kutoa usiku mmoja badala yake? Saa 11 kwa saa 6 inaonekana ukarimu, na mwenye haraka huitoa bila kufikiri. Tatizo ni kwamba usiku unakula siku mbili, ule wa kukesha na mchana wa kulala, na baada ya wiki mbili aliyetoa huanza kuona ameonewa. Aliyepokea naye hujiuliza kwa nini amepewa kingi hivyo. Usiku ulipwe kwa usiku. Pakikosekana kabisa, usiku mmoja wa saa 11 unalipika kwa asubuhi na jioni moja, saa 13, katika siku mbili tofauti. Hizo saa 2 za juu ni fidia ya kukesha, na hakuna atakayenung'unika.

Fedha tuiseme kwa kifupi. Kumlipa mwenzako pesa taslimu ili akushikie kunageuza wodi kuwa gulio, na wakubwa wakisikia zamu zinauzwa, ruhusa ya kubadilishana inafutwa kwa wote. Nauli ni kitu kingine. Kama zamu unayomwomba inaisha saa 2 usiku na yeye kwa kawaida hutoka mchana, kumtumia nauli ya bodaboda ya kurudi nyumbani ni haki yake. Itume siku hiyohiyo, bila maelezo marefu.

Kuna pia fedha isiyo yenu. Sheria inampa anayefanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Katika usiku wa saa 11 wa wodi hii, saa 10 zimo ndani ya muda huo. Anayestahili ni aliyekesha, si ambaye jina lake lilibaki kwenye rosta ya zamani. Ugomvi wa mwisho wa mwezi mara nyingi unaanzia hapa.

Hatua ya 4: Chagua saa na mahali pa kuomba

Omba siku 7 hadi 10 kabla. Mapema zaidi ya hapo mtu anakubali haraka na kusahau haraka. Chini ya siku 3 ombi linakuwa la dharura hata kama si dharura. Kama rosta ya mwezi huo haijatoka, usimsumbue mwenzako kabisa. Mwandikie inchaji tarehe unayohitaji ofu kabla hajapanga.

Usiombe wakati wa kukabidhiana ripoti, wala usimnase mtu anayetoka usiku akiwa anatafuta viatu vyake. Mtu aliyekesha anakubali chochote ili aondoke, kisha anaamka saa 9 alasiri na kujuta. Saa nzuri ni baada ya dawa za asubuhi kugawiwa, wakati wa chai, mkiwa wawili.

Kundi la Wasapu la wodi liwe njia ya mwisho. Ukiandika humo "nani anaweza kunishikia Jumamosi?", watu ishirini wanasoma, kila mmoja akidhani mwingine atajibu. Anayekubali anajitangaza kuwa hana shughuli wikendi, na anayekataa anakataa mbele ya inchaji. Ongea na mmoja kwanza, kisha mwandikie ujumbe wake binafsi ili tarehe zibaki mahali panaposomeka. Ujumbe wa sauti wa dakika tatu haufai kwa kazi hii, kwa sababu hakuna atakayeusikiliza tena kutafuta ulisema tarehe ngapi.

Hatua ya 5: Andika ombi

Mpangilio unaofanya kazi ni huu: salamu, zamu unayoomba, sababu kwa sentensi moja, unachotoa, mlango wa kukataa, siku unayohitaji jibu. Utani uje mwisho. Huu ndio ujumbe wa Neema:

"Dada Zawadi, habari za tangu jana. Naomba unishikie zamu yangu ya jioni, Jumamosi tarehe 14, saa 8 mchana hadi saa 2 usiku. Mdogo wangu anaoa Iringa siku hiyo. Mimi nitaingia jioni yako ya Jumapili tarehe 22, kwa hiyo utakuwa ofu Jumapili na Jumatatu zote. Nimeangalia rosta, mapumziko yetu sote yako salama, na nauli ya kurudi usiku ni juu yangu. Kama haikufai niambie tu bila wasiwasi, bado nina muda wa kujaribu kwingine. Ukinijibu kabla ya Jumatano nitamwahi inchaji. Pilau nitakuletea, ila kuhusu nyama siahidi, bibi harusi ana ndugu wengi."

Sababu ni sentensi moja makusudi. Ukieleza ukoo mzima, msomaji anahisi anashawishiwa, na akitaka kukataa itabidi akatae harusi pamoja na shangazi zako wote. Sababu ikiwa ya siri, sema "nina jambo la familia" uishie hapo. Usitunge msiba. Wodi ni ndogo, na mtu aliyefiwa na bibi mara tatu hukumbukwa.

Mlango wa kukataa uwe wa kweli. Usiandike "nina muda wa kujaribu kwingine" kama yeye ndiye tegemeo la mwisho. Sema "nimebakiwa na wewe tu, lakini ukishindwa nitaelewa". Mtu hutambua akidanganywa hapo.

Angalia sana namna unavyotaja usiku. Watu wa Pwani wengi wakisema usiku wa Ijumaa wanamaanisha ule wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi saa 2 usiku. Mwenzako kutoka bara anaweza kuelewa Ijumaa baada ya magharibi. Wodi imewahi kukosa mtu kwa sababu hiyo, na imewahi kupata wawili. Andika kuingia na kutoka: "naingia Ijumaa tarehe 20 saa 2 usiku, natoka Jumamosi tarehe 21 saa 1 asubuhi".

Utani unaofaa na usiofaa

Kanuni ni kwamba utani umguse mwombaji, chakula au safari, usimguse anayeombwa. Pilau isiyo na nyama inamcheka Neema na harusi yao. "Wewe si huna mtoto, utafanya nini Jumamosi?" ni utani kwa anayesema tu. Vilevile "wewe mzee wa usiku, umeshazoea", "mwenzetu hulali", na kila kinachomaanisha kwamba muda wake ni wa bei nafuu kuliko wako.

Mkiwa watani kwa kabila na mmezoeana, nafasi ni pana. Mpare akimwandikia Mchaga "ukinikatalia tutaonana mahakamani, nauli ya kesi ninayo" wote wanaelewa. Lakini usianzishe utani huo siku ya ombi na mtu ambaye hamjawahi kutaniana, maana atausoma kama ushari. Kwa aliyekuzidi umri anza na shikamoo, mwite mama au dada kama mlivyozoea, na utani uwe huo wa pilau tu.

Kamwe usiweke utani ndani ya sentensi yenye tarehe. "Unishikie Jumamosi, au hata mwezi mzima hahaha" ni sentensi ambayo mtu aliyechoka anaiacha bila kuijibu.

Hatua ya 6: Soma jibu

"Sawa, nipo" ni ndiyo. "Nitaangalia", "tutaona" na "Mungu akipenda" zinaweza kuwa ndiyo, lakini mara nyingi ni hapana yenye adabu. Zipime kwa swali moja jepesi: "Basi nimwambie inchaji abadilishe?" Aliyekubali kweli atasema mwambie. Ambaye bado hajakubali atasema subiri kidogo, na hapo umejua bila kumbana.

Akikataa, jibu kwa sentensi moja: "Haina neno dada, asante kwa kuniambia mapema." Usipandishe dau. Ukiongeza malipo baada ya hapana, unamwambia kwamba toleo la kwanza lilikuwa la kupunja. Ila akisema shida ni tarehe ya malipo na si zamu yenyewe, mpe tarehe nyingine moja uliyokwisha kuipima kwa hesabu ya hatua ya 2.

Hatua ya 7: Ipeleke kwa inchaji

Mabadiliko ambayo hayajaandikwa hayapo. Nendeni wote wawili, au tuma ujumbe mmoja ambao mwenzako naye amejibu "nimekubali", mkitaja zamu zote mbili pamoja: Zawadi anaingia jioni tarehe 14 kwa Neema, Neema anaingia jioni tarehe 22 kwa Zawadi. Kuandikisha ya kwanza na kuiacha ya pili "mpaka ifike" ndiko kunakoua malipo, maana rosta mpya ikitoka na ofu ya Neema kuhamishwa, tarehe 22 itakuwa imepotea. Hakikisha rosta iliyobandikwa ukutani imerekebishwa na kusainiwa, kisha ipige picha na umtumie mwenzako.

Kabla ya kuandikwa, asipotokea mtu jioni ya tarehe 14, wa kuulizwa ni Neema, hata akiwa ukumbini Iringa. Baada ya kuandikwa, zamu ni ya Zawadi, na akiugua anamwarifu inchaji moja kwa moja.

Vivyo hivyo kwa tarehe 22. Neema akiamka na homa, anampigia inchaji, hampigii Zawadi amwombe arudi kwenye zamu yake ya zamani. Kwa kuwa Zawadi alipata ofu yake, deni limekwisha. Lakini ikiwa wodi ilimwita Zawadi kuziba pengo hilo, deni limerudi jipya, na Neema ataje tarehe nyingine ndani ya rosta hiyohiyo bila kusubiri kukumbushwa.

Ijumaa tarehe 13, kabla ya kupanda basi, Neema atume mstari mmoja: "Dada, kesho saa 8 mchana. Funguo za kabati la dawa utazikuta kwa wa asubuhi. Nauli nimeshatuma."